Uso Uliovimba Msimu wa Salfa

Hotuba ya muuguzi mkunga mbele ya wananchi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, mkutano wa kata, Wilaya ya Newala, mkoani Mtwara

Ndugu Mwenyekiti, Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wa Kata, wazee wetu, makungwi wetu mliokubali kuacha shughuli zenu asubuhi hii, kina baba, kina mama na wahudumu wenzangu wa afya: asalaam aleykum, Tumsifu Yesu Kristo.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie afya ya mama mjamzito, na jambo hilo ni pana kuliko nusu saa niliyopewa. Kwa ruhusa yenu nitachukua kipande kimoja tu. Nitasema juu ya kichwa kinachouma, uso unaovimba na presha inayopanda, kwa mama ambaye mimba yake imekwisha kuvuka miezi mitano, na nitayasema hayo kwa kufuata habari ya mama mmoja niliyempokea katika zahanati niliyokuwa nikifanyia kazi, mwezi wa saba, wakati mashamba yote ya uwanda huu yananuka salfa. Jina lake silitaji wala kijiji chake. Mwenyewe ameniruhusu niyaseme, na mama mkwe wake pia, ambaye kwa sehemu fulani ya habari hii alinyanyaswa bure na watu.

Mama huyo alikuwa na umri wa miaka 19 na ile ilikuwa mimba yake ya kwanza. Alianza kliniki mapema, akahudhuria bila kukosa, na wiki ya 30 alipopimwa presha yake ilikuwa 108/66, mkojo wake hauna protini na miguu haijavimba. Akapangiwa kurudi wiki ya 34. Kwa mtu yeyote anayeisoma kadi ile, hakuna kilichokuwa kibaya, na kweli siku ile hakikuwapo. Wiki ya 33, siku ya Jumapili jioni, akaanza kuumwa kichwa. Akameza vidonge viwili vya panadol, akalala, akaamka usiku wa manane kichwa kikigonga vilevile. Jumatatu asubuhi wifi yake akamtazama akamwambia, mbona uso umekuwa kama umekesha ukilia?

Sote hapa tunajua mwezi wa saba ni mwezi gani. Mikorosho inatoa maua, ubwiri unga unaingia, na kila mwenye shamba anapuliza salfa alfajiri kabla upepo haujaamka. Vumbi lile huingia machoni, puani na kwenye ngozi, kwa hiyo mtu kuamka na uso uliojaa na kichwa kizito si ajabu kwetu. Familia ilikuwa imepuliza Jumamosi, na binti, ingawa hakushika mashine, alikuwa amepeleka uji shambani. Mama mkwe akasema ni salfa, aoge vizuri, akae mbali na shamba. Mimi simlaumu. Kama ningekuwa jirani tu, bila mashine ya kupimia, huenda ningesema vivyo hivyo.

Jumanne kichwa kilikuwa bado. Mume akampeleka duka la dawa, akapimwa malaria kwa kipimo cha haraka, kikaonyesha anayo, akapewa dawa mseto ya siku 3. Tena hapo hakuna aliyefanya jambo la ajabu, maana malaria ipo katika mikoa yetu ya Mtwara na Lindi, na mtu anaweza kuwa nayo kweli. Tatizo ni kwamba kipimo kilichotoa jibu la malaria kilifunga mjadala wa kichwa. Mtu mmoja anaweza kuwa na malaria na presha kwa wakati mmoja, na kipimo cha malaria hakijui lolote kuhusu presha. Hakuna aliyemfunga mashine mkononi siku ile.

Jumatano alianza kulalamika kwamba kunamkaba hapa, chini kidogo ya chembe cha moyo, kuelekea mbavu za kulia, na akatapika mara mbili. Wakasema dawa za malaria zimemkalia vibaya tumboni. Usiku, wakati wa kula, akasema taa ina duara za rangi pembeni na kwamba anaona kama cheche zinapita mbele ya macho. Wifi yake, ambaye ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii na leo amekaa miongoni mwenu, ndiye aliyesimama hapohapo akaagiza bodaboda. Kwa macho yake, kichwa kingeweza kuwa cha malaria, uso ungeweza kuwa wa salfa, na tumbo lingeweza kuwa la dawa, lakini vyote vitatu pamoja na cheche za machoni, kwa mwenye mimba ya miezi saba na zaidi, havikuwa na visingizio vya kutosha.

Walifika kwangu saa nne na nusu usiku. Niliwaomba wamkalishe kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote miwili ikanyage sakafu bila kupishana, akajisaidie haja ndogo kwanza na mkojo huo utiwe kwenye chupa safi, kisha apumzike dakika 5 bila kuongea. Mkono niliuweka juu ya meza, usawa wa moyo. Watu waliofuatana naye walinitazama kama ninachelewesha, na ninakiri kwamba dakika 5 hizo ni ndefu sana pale mgonjwa anapoonekana anaumwa, lakini mtu aliyetoka kwenye bodaboda barabara ya makorongo akipimwa papo hapo hutoa namba ambayo baadaye huijui uiamini vipi. Namba ya kwanza ilikuwa 168/112. Nikasubiri dakika 15 nikapima tena, ikawa 166/110. Kijiti cha mkojo kikageuka kijani kilichokolea, yaani protini ya alama tatu. Hapo ugonjwa ukawa na jina.

Wataalamu huuita priklampsia. Sisi wa zahanati huwaambia kina mama kwamba ni dalili za kifafa cha mimba, kwa sababu ukiachwa ndiko unakoelekea, ingawa kifafa hicho hakina undugu na kile kifafa ambacho mtu anaishi nacho tangu utotoni, wala hakiambukizi, wala hakiletwi na mtu.

Naomba nieleze kidogo unavyoanza, kwa kuwa ukiuelewa mzizi wake huna haja ya kukariri dalili. Mtoto tumboni hulishwa na kondo la nyuma, na kondo hujipandikiza katika mishipa ya damu ya mji wa mimba. Katika mimba iliyo sawa mishipa hiyo hutanuka na kulegea, damu ikapita kwa wingi bila nguvu. Kwa baadhi ya kina mama mishipa hiyo hubaki myembamba, kondo likakosa damu ya kutosha, nalo likaanza kutoa kwenye damu ya mama vitu vinavyodhuru utando wa ndani wa mishipa yake yote, kuanzia kichwani hadi kwenye figo. Mishipa iliyodhurika hufanya mambo mawili: hujikaza, na huvuja. Ikijikaza, presha hupanda. Ikivuja, maji ya damu hutoka nje ya mishipa na kukaa chini ya ngozi, ndiko kuvimba. Kwenye figo protini hupenya ikaingia kwenye mkojo. Kichwani ubongo hujaa, ndiko kuumwa kichwa, kuona cheche na hatimaye degedege. Kwenye ini, gamba lake huvutwa, na hayo ndiyo maumivu ya chembe cha moyo ambayo wengi huyadhania vidonda vya tumbo au kiungulia. Mnaona basi kwamba mama yule hakuwa na magonjwa manne. Lilikuwa kondo moja linalosema kwa midomo minne.

Kwa sababu chanzo ni kondo, ugonjwa huu kwa kawaida hauji kabla ya wiki ya 20, na unaweza kuja wakati wowote baada ya hapo. Ndiyo maana kadi safi ya wiki ya 30 haikumkinga mtu wa wiki ya 33. Baina ya hudhurio moja na jingine katika kipindi hicho kuna wiki 4, na priklampsia haihitaji wiki 4. Siku chache zinaitosha. Mahudhurio ya kliniki yanasaidia sana kumkamata yule ambaye presha yake inapanda kimyakimya bila dalili yoyote, nao ni wengi, lakini hayawezi kuchukua nafasi ya mtu wa nyumbani anayeona uso umebadilika.

Sasa nirudi kwenye dalili, nianze na kichwa. Mjamzito huumwa kichwa kwa sababu nyingi za kawaida: njaa, jua, kukosa maji, usingizi mfupi, mafua. Kichwa cha aina hiyo hutulia akila, akinywa maji, akilala au akimeza panadol. Kichwa cha priklampsia mara nyingi hukaa mbele juu ya macho au kisogoni, hugonga kwa kufuata mapigo ya moyo, na panadol ama haikigusi, ama hukipunguza kwa saa moja kisha kikarudi. Kipimo changu cha nyumbani ni hiki: akimeza vidonge viwili vya miligramu 500, akapumzika, na baada ya saa chache kichwa kikawa palepale, basi safari ya kupima presha ni ya siku hiyohiyo. Isisubiri kesho asubuhi, wala siku ya kliniki ya kijiji. Na kama pamoja na kichwa kuna macho kuona ukungu, cheche au kitu kimoja kuwa viwili, hata panadol isisubiriwe kufanya kazi.

Kuvimba kunasumbua zaidi kukueleza, kwa sababu wajawazito wengi huvimba miguu, hasa jioni, na hawana ugonjwa wowote. Mji wa mimba unakalia mishipa inayorudisha damu kutoka miguuni, maji yanabaki chini, na mtu akilala akinyanyua miguu asubuhi yamepungua. Kuvimba kwa aina hiyo sikutafutii gari. Kunakonishtua ni kule kunakokuja ghafla, ndani ya siku mbili tatu, na kunakopanda juu: kope asubuhi, mashavu, vidole vya mikono. Mama yule alikuwa na pete ya ndoa ambayo Ijumaa ya nyuma yake aliivua mwenyewe wakati wa kufua. Jumatano usiku nilipojaribu kuivua ilikuwa imezama katikati ya nyama, tukaitoa kwa sabuni na uzi. Nilipomminya kwa dole gumba kwenye mfupa wa mguu, shimo lilibaki nikahesabu hadi kumi bila kujaa. Uzito wake ulikuwa umeongezeka kilo 4 tangu wiki ya 30, na mtoto hakunenepa hivyo. Yale yalikuwa maji.

Wakulima wataniuliza, na salfa je? Salfa huwasha. Macho huwa mekundu na kutoka machozi, pua huchuruzika, mtu hukohoa, ngozi huwasha, na watu wote waliokuwa shambani hupata angalau kidogo. Mtu akioga na kukaa mbali siku moja au mbili, hupungua. Uso wa priklampsia hauwashi wala hauna machozi, vidole huvimba pamoja nao, na aliyekuwa naye shambani hana kitu. Hata hivyo ninawaomba msiitegemee sana tofauti hiyo niliyoitaja, kwa kuwa nimekwisha kuona mama mwenye vyote viwili. Mashine ya presha huimaliza hoja ndani ya dakika 10. Na tujue pia kwamba kuna wanaopata kifafa cha mimba bila kuvimba hata kidogo. Mtu asiambiwe yu salama kwa sababu tu viatu vyake vinamwenea.

Sasa namba. Presha ina namba mbili, ya juu na ya chini, na mstari wa kukumbuka kwa mjamzito ni 140/90. Ikiwa ya juu imefika 140 au zaidi, au ya chini imefika 90 au zaidi, hata moja peke yake, hiyo ni presha ya juu. Kama mama hana dalili nyingine tunapima tena baada ya saa 4 au zaidi kuthibitisha, na tunapima mkojo. Ikifika 160 juu au 110 chini, hatusubiri saa 4. Tunarudia ndani ya dakika 15 na kuanza dawa, kwa kuwa kwa namba hizo mshipa wa kichwani unaweza kupasuka. Lakini kuna jambo dogo ambalo mashine haiwezi kulisema na kadi inaweza. Mama ambaye kliniki ya kwanza alikuwa 96/58, leo akawa 134/86, bado hajafika kwenye mstari na hatuwezi kusema anaumwa, ila amepanda mlima mrefu kuliko yule aliyekuwa 124/80 tangu mwanzo. Mimi mtu huyo simpangii wiki 4. Namwambia arudi baada ya siku chache na namweleza dalili moja moja mbele ya aliyemsindikiza.

Hapa nitoe manung'uniko yangu, na nitayatoa bila kutaja mahali. Miaka iliyopita nilihamishiwa kituo kimoja, nikapitia kadi za kina mama, nikakuta presha za miezi mitatu zote ni 120/80, mama baada ya mama. Mwanzoni nilifikiri nimeingia kwenye kata yenye afya kuliko zote nchini. Kumbe betri za mashine zilikwisha zamani na mtu alikuwa akijaza namba ili kadi isibaki wazi. Kina mama, kadi ni yenu. Kama hamkufungwa mashine mkononi na namba imeandikwa, ulizeni kwa adabu. Na kwa wahudumu wenzangu: nafasi tupu kwenye kadi inasema ukweli kwamba hatukupima, na anayefuata atajua la kufanya. Kuna pia kosa la kitambaa kinachojaa hewa. Kikiwa kidogo kwa mama mwenye mkono mnene, namba hupanda kuliko ukweli, na kikiwa kikubwa kwa mwenye mkono mwembamba, hushuka, na huyo wa pili ndiye anayenitisha, maana anarudishwa nyumbani.

Turudi kwa mama yetu. Zahanati haiwezi kuuponya ugonjwa huu, kwa kuwa kinachouponya ni kondo kutoka. Kazi ya zahanati ni kuzuia degedege, kushusha presha na kumfikisha hospitali akiwa hai. Dawa ya kuzuia degedege inaitwa magneziamu salfeti. Majina yana undugu, nawaona mnatabasamu, lakini haina uhusiano na mnachopulizia mikorosho. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha kina mama zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba dawa hii hupunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu. Dozi ya kuanzia ni gramu 4 polepole kwenye mshipa, na gramu 5 kila tako, jumla gramu 14. Nilimwambia mapema kwamba atasikia joto likipanda mwilini mpaka usoni na kwamba sindano za makalio zinauma kweli, kwa sababu ndugu wakimwona anatokwa jasho ghafla huamini amechomwa sindano mbaya na kuzuia ya pili. Dawa hii ikizidi huweza kulegeza pumzi, kwa hiyo kila inaporudiwa tunahakikisha anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti likigongwa linaruka, na mkojo unatoka. Kwa presha nilimpa nifedipini ya miligramu 10 ameze. Kisha nikapiga 115, namba ya bure ya usafiri wa dharura wa mama na mtoto, nikaeleza wiki za mimba, namba za presha, protini na dawa nilizotoa na saa nilizozitoa.

Gari lilipokuwa njiani, mama mkwe alifungua pindo la khanga akatoa vidonge vyake mwenyewe vya presha, kaptopril, akaniuliza kama angempa mkwewe jana vingesaidia. Nilimshukuru kwa kuuliza. Kaptopril na ndugu zake, enalapril na lisinopril, hudhuru figo za mtoto aliye tumboni. Haziruhusiwi kwa mjamzito hata kama jirani zimemfaa. Vivyo hivyo vidonge vya kukojosha ambavyo watu hutafuta mtu akivimba: mama mwenye priklampsia amevimba nje, lakini ndani ya mishipa damu yake imepungua maji, na ukimkojosha unalinyima kondo hata kile kidogo lilichokuwa likipata. Kuacha chumvi hakudhuru, ila hakujathibitika kuuzuia ugonjwa huu, kwa hiyo isiwe sababu ya kubaki nyumbani mkisubiri uso unywee.

Hakupata degedege. Lakini wapo wanaopata kabla ya gari kufika, na anayekuwa naye wakati huo ni mume au bibi, si mimi. Mlazeni kwa ubavu, wa kushoto ukiwezekana, ondoeni vyombo na mawe ya jiko karibu yake, msimshikilie viungo, msimtie kijiko wala kidole kinywani, msimpe maji wala kumfukiza kitu. Degedege lenyewe mara nyingi huisha ndani ya dakika moja au mbili, kisha atakoroma na kuchanganyikiwa. Mwacheni kwa ubavu, mfuteni mate, mwangalieni kama anapumua, na safari ianze hata kama amezinduka na kusema hajambo.

Hospitalini walimpa dawa ya kukomaza mapafu ya mtoto, wakashikilia presha yake kwa siku mbili, na ilipoonekana kwamba kichwa kinarudi na vipimo vya ini vinapanda, wakamfanyia upasuaji. Mtoto wa kike alizaliwa na kilo 1.6, akakaa kifuani kwa mama yake ngozi kwa ngozi kwa wiki kadhaa. Kuna aliyeniuliza kwa nini mtoto asiachwe tumboni akomae. Kama mimba imefika wiki ya 37, hakuna mjadala, mtoto hutolewa. Kabla ya hapo madaktari hupima kila siku faida ya mtoto dhidi ya hatari ya mama, na mama anapoanza kuharibika viungo, kondo lile halimlishi tena mtoto kiasi cha kustahili kusubiriwa.

Watu wengi huishia hapo, na ndiyo maana sikutaka kuishia hapo mimi. Alirudi nyumbani na vidonge vya presha na maelekezo. Siku chache baadaye aliviacha, kwa hoja ambayo kila mtu nyumbani aliiona ya busara: ugonjwa ulikuwa wa mimba, na mimba haipo. Siku ya 16 tangu kujifungua kichwa kikarudi. Wakasema ni kukesha na mtoto. Wifi yuleyule akamleta, presha ikawa 156/102. Kondo limetoka, ndiyo, lakini mishipa iliyodhurika huchukua muda kupona, na degedege linaweza kumpata mama aliyekwisha kujifungua, zaidi katika saa 48 za mwanzo na kwa nadra hata wiki kadhaa baadaye. Kwa hesabu yetu, kichwa kisichosikia panadol kinabaki kuwa dalili ya hatari mpaka wiki 6 ziishe. Wapo ambao mimba nzima presha yao ilikuwa nzuri, na ilipanda siku ya tatu baada ya kujifungua, wakiwa wamekwisha kuruhusiwa na watu wanapika uji wa mzazi.

Yeye sasa anajua kwamba mimba ijayo aanze kliniki mapema na aseme wazi yaliyompata, ili daktari aangalie kama ataanzishiwa aspirini ya kiasi kidogo kuanzia wiki ya 12. Vivyo hivyo kwa aliye na mapacha, mwenye kisukari, mwenye ugonjwa wa figo, au aliyekuwa na presha kabla ya kubeba mimba. Aspirini hiyo huandikwa kliniki kwa dozi yake, msiinunue wenyewe.

Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Pale chini ya mwembe kuna mashine mbili, zimewekwa betri mpya jana mbele ya Mtendaji, na viti vyenye egemeo. Waliobeba mimba waanze kujipanga, waje na kadi zao, na waliojifungua ndani ya wiki 6 nao wasibaki nyuma. Atakayefika mbele ya meza atakaa kwanza dakika 5 bila kuongea, hata kama shoga yake amekaa kiti cha pili.